Ukiulizwa Utaanza Lini

Swali hili huja mwishoni mwa usaili, wakati mtu ameshapumua na mikono imeacha kutetemeka. "Tukikuchukua, unaweza kuanza lini?" Wengi hujibu upesi, kwa tabasamu: "Hata kesho."

Kwa miaka kumi na moja nimekuwa upande wa wanaouliza. Nimefanya kazi ya rasilimali watu katika kampuni binafsi hapa Dar es Salaam, na jibu hilo nimelisikia kwa watu wa kila aina: madereva, wahasibu, mameneja. Anayetoka nyumbani bila kazi akisema hata kesho, sawa, anasema kweli. Lakini yule ambaye wasifu wake unaonyesha yuko kazini mpaka leo hii, akisema hata kesho, naandika kialama pembeni mwa jina lake. Ama hajausoma mkataba wake, ama ameusoma na yuko tayari kumwacha bosi wake kwenye mataa. Yote mawili yatarudi mezani kwangu, kwa kawaida siku mbili baada ya barua ya ofa kutoka, kwa njia ya simu yenye sauti ya chini: "Samahani dada, kuna jambo nilisahau kulisema. Kuna notisi."

Jambo hilo si kosa. Kuomba tarehe ya kuripoti isogezwe mbele kwa sababu ya notisi ni ombi la kawaida kabisa, na mimi nimelikubali mara nyingi kuliko nilivyolikataa. Linaloharibu ni namna linavyoletwa: limechelewa, halina tarehe, na mwombaji mwenyewe hajui anadaiwa siku ngapi. Kwa hiyo nataka tulitazame kwa mtu mmoja wa mfano, tarehe kwa tarehe, maana jambo hili lote ni la kalenda.

Mtu wetu ni mtunza stoo wa kampuni ya vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Ana miaka minne pale, analipwa kwa mwezi shilingi 900,000, anafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi. Alhamisi tarehe 5 Machi 2026 anapokea barua ya ofa kutoka kampuni nyingine. Mshahara umepanda, kazi ni ileile anayoijua. Chini ya barua kuna mstari wa sahihi yake, na juu kidogo kuna sentensi: ataripoti kazini Jumatatu tarehe 16 Machi 2026. Ni siku kumi na moja tu kutoka hapo.

Kalamu iko mkononi. Hapa ndipo ningependa asimame kwanza.

Barua ya ofa ni pendekezo. Akishaisaini bila neno, imekuwa makubaliano, na tarehe ya kuripoti ni sehemu ya makubaliano hayo kama ulivyo mshahara. Kuomba tarehe nyingine kabla ya kusaini ni mazungumzo. Kuomba baada ya kusaini ni kumwambia mwajiri mpya, kabla hujamfanyia kazi hata saa moja, kwamba ulichokiandikia sahihi hukumaanisha. Wapo watakaoelewa. Lakini kwa nini ujiweke hapo, wakati siku moja tu ya kusoma mkataba wako wa zamani ingetosha?

Basi anakwenda nyumbani, anafungua bahasha ya vyeti, anautoa mkataba wa miaka minne iliyopita. Anatafuta mambo mawili.

La kwanza ni aina ya mkataba. Watu wengi hulipita hili, nalo ndilo lenye makali. Kama mkataba hauna kikomo, mfanyakazi anaweza kuacha kazi kwa kutoa notisi. Kama ni mkataba wa muda maalumu, tuseme wa miaka miwili unaoisha Desemba, hali ni nyingine. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zile za Tangazo la Serikali namba 42, zinasema aliyekubali mkataba wa muda maalumu anaweza kujiuzulu kabla ya muda pale tu mwajiri anapovunja mkataba kwa kiasi kikubwa. Kama hajavunja, njia halali ni kukubaliana naye kuumaliza mapema. Mikataba mingi ya muda maalumu huweka kifungu cha notisi ndani yake, na hapo makubaliano yanakuwa yameshaandikwa. Lakini mwenye mkataba wa muda maalumu usio na kifungu hicho asimtajie mwajiri mpya tarehe yoyote mpaka azungumze na wa zamani. Hana tarehe ya kutaja.

Mtunza stoo wetu ana bahati, mkataba wake hauna kikomo. Anatafuta la pili: urefu wa notisi.

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 41, inaweka kiwango cha chini. Anayelipwa kwa mwezi, notisi si chini ya siku 28. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki, siku nne. Na yeyote aliye ndani ya mwezi wake wa kwanza wa ajira, siku saba. Hiyo ni sakafu. Mkataba unaweza kupanda juu ya hapo, ukaweka mwezi, miezi miwili, hata mitatu kwa wakubwa wa idara, ilimradi muda uwe sawa kwa pande zote mbili. Mwajiri hawezi kukudai miezi mitatu huku yeye akijiwekea mmoja.

Mtunza stoo alikuwa akisikia kazini kwamba "notisi ni siku 28", na amekuwa akihesabu hivyo kichwani tangu jana. Mkataba wake unasema: mwezi mmoja, kwa maandishi. Tofauti ni ndogo, lakini kwenye kalenda yake itahamisha siku ya kuripoti, kama tutakavyoona.

Kuna neno jingine ambalo amelisikia sana, na hapa kwetu limeenea kama methali: notisi ya saa 24. "Andika saa 24, walipe mshahara wa mwezi, ondoka." Kifungu cha 41 hakina kitu kinachoitwa saa 24 kwa mtu wa mshahara wa mwezi. Kilichopo ni kwamba mikataba mingi huruhusu upande wowote ulipe mshahara wa mwezi badala ya notisi, na watu ndio wakaipa njia hiyo jina la saa 24. Na sheria yenyewe inasema mfanyakazi akikataa kufanya kazi katika kipindi cha notisi, mwajiri anaweza kukata kwenye malipo yake ya mwisho kiasi ambacho angelipwa kwa kipindi hicho. Maana yake njia ya kuondoka haraka ipo, lakini ina bei. Tutairudia bei hiyo.

Sasa ahesabu. Kosa kubwa ninaloliona katika hesabu hizi ni kuanzia siku ya ofa. Notisi huanza siku barua ya kuacha kazi inapopokelewa na mwajiri wa sasa. Na barua hiyo haipaswi kwenda kabla mkono wake haujashika ofa iliyosainiwa na pande zote, yenye tarehe mpya.

Hili naliandika kwa uchungu kwa sababu lilinipata mimi. Nikiwa na miaka 26 nilipigiwa simu na ofisi moja, nikaambiwa nimepata kazi, barua inafuata. Siku ileile nikaandika barua ya kuacha nilipokuwa. Barua iliyosemwa inafuata ilikuja baada ya wiki kumi. Notisi yangu ilikuwa imekwisha katika wiki ya nne. Nilikaa nyumbani wiki sita, kodi ya nyumba ikinitazama, na nilipokwenda kuulizia niliambiwa kwa upole kwamba mkurugenzi alikuwa safarini na hakuna aliyenituma kuacha kazi. Walikuwa sahihi. Hakuna aliyenituma.

Kwa hiyo mtunza stoo anaipanga hivi. Ijumaa tarehe 6 Machi anaomba tarehe mpya. Anatarajia jibu Jumatatu tarehe 9. Akilipata, anasaini siku hiyo, na Jumanne tarehe 10 Machi anapeleka barua ya kuacha kazi. Angehesabu siku 28 kuanzia kesho yake, angefika Jumanne tarehe 7 Aprili, ambayo ni Siku ya Karume, na Jumatano tarehe 8 angeweza kuripoti kazi mpya. Lakini mkataba wake ni wa mwezi mmoja. Tarehe 10 Machi kwenda tarehe 10 Aprili, Ijumaa. Anaiacha Jumamosi na Jumapili za kupumua, na tarehe anayoiomba ni Jumatatu tarehe 13 Aprili 2026. Wiki nne kamili baada ya ile iliyoandikwa kwenye ofa.

Zipo sikukuu katikati na zinadanganya. Siku za notisi ni za kalenda, Jumapili na sikukuu zimo ndani, hazirefushi chochote. Lakini zinapunguza siku za kufanya makabidhiano. Mwaka huo Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 6, na Siku ya Karume inafuata tarehe 7. Mtunza stoo anayesema "nitahesabu mali wiki ya mwisho" atakuta wiki ya mwisho imekatwa vipande. Kuhesabu mali, kulinganisha kadi za stoo na leja, kusaini na anayepokea: hayo ayapange kati ya tarehe 30 Machi na tarehe 2 Aprili. Akiondoka bila hesabu iliyosainiwa, mfuko wa saruji utakaopotea Mei utakuwa wake.

Na likizo? Anazo siku 12 hajazichukua, na rafiki yake anamwambia azitumie zile zile kupunguza notisi. Sheria inasema notisi haitolewi mtu akiwa likizo, wala haiendi sambamba na likizo. Siku hizo hazipotei, atalipwa pamoja na malipo yake ya mwisho. Lakini asizitumie kumhesabia mwajiri mpya tarehe ya mapema. Na asithubutu kwenda likizo huku akianza kazi kule. Mji huu ni mdogo kuliko tunavyodhani, hasa kwa watu wa biashara moja.

Sasa tarehe anayo. Anaiombaje?

Apige simu kwanza, kisha aandike siku hiyohiyo. Barua pepe pekee inaweza kusomwa na mtu mwenye haraka kama kukataa kwa adabu. Simu pekee haiachi kumbukumbu. Na simu iwe fupi. Hivi ndivyo ningependa kuisikia:

"Habari za asubuhi, dada. Nimepokea barua ya ofa, nashukuru sana, na nataka kazi hii."

"Nzuri. Karibu sana, kaka. Umeshasaini?"

"Bado, na ndiyo sababu ya kupiga. Barua inasema nianze tarehe 16 Machi. Mkataba wangu wa sasa unanitaka nitoe notisi ya mwezi mmoja. Nikipata ofa yenye tarehe mpya Jumatatu, nitatoa notisi Jumanne, na naweza kuripoti Jumatatu tarehe 13 Aprili. Nilitakiwa kulisema kwenye usaili, naomba radhi kwa hilo."

"Mmh. Mwezi mzima. Mzee wa stoo tuliye naye anaondoka mwisho wa Machi."

"Nimekuelewa, dada. Naomba nikutumie ombi kwa maandishi na nakala ya kifungu cha notisi, umwonyeshe meneja."

Angalieni alichofanya. Alisema anaitaka kazi kabla ya kusema tatizo, kwa sababu sisi tulio upande huu tukisikia neno kusogeza, kitu cha kwanza tunachohofia ni kwamba mtu anatumia ofa yetu kujadiliana mshahara kule aliko. Hofu hiyo ina msingi, imetokea sana. Alitaja tarehe moja. Na hakusema hata neno moja baya kuhusu bosi wake wa sasa. Wengine hudhani kumchafua bosi wa zamani kunafanya ombi liwe na uzito: "yule ni mkorofi, hataniruhusu". Mimi nikisikia hivyo nawaza siku nitakayosemwa mimi.

Ombi lenyewe lisizidi nusu ukurasa. Kitu cha namna hii kinatosha:

"Rejea barua yenu ya tarehe 5 Machi 2026 inayonipa nafasi ya mtunza stoo. Nashukuru na ninaikubali nafasi hiyo kwa masharti yaliyotajwa, isipokuwa naomba tarehe ya kuripoti ibadilishwe kutoka 16 Machi kuwa 13 Aprili 2026. Sababu ni kwamba mkataba wangu wa sasa unanitaka kutoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi. Nimeambatisha nakala ya kifungu hicho. Nitawasilisha notisi siku moja baada ya kupata barua yenu yenye tarehe mpya. Wakati nikisubiri, naweza kuwaletea nakala za vyeti, namba ya NIDA, namba ya TIN na namba ya NSSF, na kwenda kupimwa afya siku ya mapumziko yangu."

Ile nakala ya kifungu ni ukurasa mmoja tu wa mkataba, na afunike mshahara wake kwa kipande cha karatasi kabla ya kuupiga picha. Huo ukurasa una nguvu kuliko aya tano za maelezo. Mimi nikipeleka ombi kwa meneja bila karatasi, nampelekea hadithi. Nikienda na kifungu, naye ana mikataba ya watu wake yenye kifungu kama hicho, anajua angewadai wale wale siku wakiondoka.

Sentensi ya notisi kutolewa siku moja baada ya barua mpya ni ya lazima. Inamwambia ofisa upande wa pili kwamba tarehe 13 Aprili inashikilia iwapo tu yeye hatakawia. Barua mpya ikikaa mezani kwa mkurugenzi mpaka tarehe 16 Machi, tarehe ya kuripoti nayo inasogea wiki nzima, na si mtunza stoo aliyeisogeza.

Mara nyingi jibu ni ndiyo. Lakini hapa kuna mzee wa stoo anayeondoka mwisho wa Machi, na kampuni haitaki stoo ikae wiki mbili bila mwenyewe. Jumatatu simu inarudi: tarehe 13 Aprili ni mbali, mwisho wao ni Jumatano tarehe 1 Aprili.

Asikubali papo hapo, wala asikatae. Kati ya tarehe 1 na tarehe 10 Aprili kuna siku kumi ambazo bado ni za mwajiri wake wa sasa. Zinaweza kupatikana kwa njia mbili tu. Moja, mwajiri wa sasa azisamehe. Mbili, zilipiwe.

Kusamehewa si ndoto. Waajiri wengi hukubali, hasa kama anayeondoka amekuja na mpango: nitahesabu mali wiki ya mwisho ya Machi, nitamfundisha msaidizi wangu kuanzia tarehe 16, nitakabidhi funguo tarehe 31. Lakini hawezi kwenda kuomba msamaha wa siku kumi kabla ya kutoa notisi, na hawezi kutoa notisi kabla ya ofa. Kwa hiyo kwa mwajiri mpya jibu lake la kweli ni hili: "Naomba barua iandike tarehe 13 Aprili. Nikiruhusiwa mapema kwa maandishi, nitawajulisha siku hiyohiyo na nitaripoti tarehe 1." Tarehe ya mbali ndiyo inayoandikwa, ya karibu inabaki tumaini. Nimewaona walioigeuza. Waliandikiwa ya karibu wakitumaini bosi atawaachia, bosi akakataa, wakajikuta wana sahihi mbili zinazovutana.

Njia ya malipo nayo ina hesabu yake. Jedwali la sheria hiyohiyo ya 2004 linageuza mshahara wa mwezi kuwa wa wiki kwa kugawa kwa 4.333. Shilingi 900,000 inakuwa kama 207,700 kwa wiki. Siku kumi za kalenda ni wiki moja na siku tatu, karibu laki tatu. Hiyo ndiyo bei ya kuondoka tarehe 31 Machi bila kusamehewa. Kama mkataba wake unasema kukosa notisi kunalipiwa mshahara wa mwezi mzima, ausome vizuri maneno yake, maana bei itapanda. Mshahara wa kule ukiwa umepanda sana, laki tatu si mlima. Na hakuna aibu kumuuliza mwajiri mpya kama yuko tayari kuzilipa, kwa kuwa haraka ni yake. Kampuni zinazomhitaji mtu kweli hulifanya hili. Likikubaliwa, liandikwe kwenye barua ya ofa, kiasi na siku ya kulipwa. Ahadi ya mdomo kuhusu pesa ya notisi nimeiona ikisahaulika kabla ya mwisho wa mwezi wa kwanza, na huyo mgeni kazini hana ujasiri wa kuidai.

Hawana ujasiri kwa sababu nzuri. Kinga ya sheria hiyo dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimgusi mtu aliye chini ya miezi sita kwa mwajiri yuleyule. Mtunza stoo ana miaka minne ya kinga hapo alipo, na anaiacha kwenda mahali ambapo kwa nusu mwaka atakuwa hana. Ndiyo maana nasisitiza tarehe isiwe jambo lao la kwanza kugombania.

Je, wakisema tarehe 1 Aprili au ofa imekufa? Hapo anachagua. Alipe siku kumi aende, au abaki. Ninachoomba asifanye ni kutoroka. Mwajiri mpya atapiga simu kuuliza habari zake, na anayeinua simu ni yuleyule aliyeachiwa stoo bila hesabu. Tena kuna cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka mwajiri akitoe kazi inapoisha. Kukifuatilia kwa mtu uliyemtoroka ni safari ndefu.

Wasomaji wa Kenya, kule mnakoita ilani, mambo hayako mbali. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo ina siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, katika kifungu cha 35, na kifungu cha 36 kinaruhusu upande wowote kulipa badala ya ilani. Kifungu cha 38 kina zawadi ndogo: mfanyakazi akitoa ilani na mwajiri akaamua kumwachilia kabla haijaisha, mwajiri ndiye anayelipa siku zilizobaki, isipokuwa wakikubaliana vingine. Kwa hiyo unapoomba kuachiwa mapema, mwajiri anaweza kukutaka uandike kwamba hutazidai. Ni sawa kuandika, ilimradi ujue unachokiacha.

Turudi Dar es Salaam. Tuseme mwajiri mpya amekubali tarehe 13 Aprili na mzee wa stoo ameombwa abaki wiki mbili. Jumatatu tarehe 9 Machi barua mpya inakuja na inasainiwa. Jumanne asubuhi mtunza stoo anachapisha barua ya kuacha kazi nakala mbili. Ndani yake kuna tarehe anayoitoa, kifungu cha mkataba, na siku yake ya mwisho, tarehe 10 Aprili. Anakwenda nayo ofisini, si kwa ujumbe wa simu. Anaomba nakala yake igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bosi akiwa safarini, anampa katibu wake, na katibu anaandika jina, saa na sahihi. Bila mhuri huo, notisi inaweza kuhesabiwa kuanzia siku bosi aliporudi na kuiona, na wiki moja ikapotea hivihivi. Picha ya ile nakala yenye mhuri anaituma kwa mwajiri mpya mchana huo huo, na mstari mmoja: "Notisi imepokelewa leo." Kwangu mimi, picha hiyo ndiyo hunifanya niache kuwapigia wale waliokuwa namba mbili kwenye usaili.

Na asubuhi ya tarehe 13 Aprili, akiripoti, atapewa rundo la karatasi za kusaini. Kati yake kutakuwa na mkataba uliochapwa mapema Machi, na mara nyingi aliyeuchapa hakukumbuka kubadilisha tarehe ya kuanza. Auangalie mstari huo kabla ya kalamu. Ukiwa bado unasema 16 Machi, rekodi inaonyesha mtu aliyekosa kazini wiki nne za kwanza, na miezi yake sita inaanza kuhesabiwa siku ambazo alikuwa bado anahesabu mifuko ya saruji mahali pengine. Amwambie ofisa auchape upya. Ni kazi ya dakika tano.